Kutoka 7 Hadi 8: Safari ya Pigo Ndani ya Kihesabio

Kihesabio cha kielektroniki, ambacho mafundi wengi hukiita kaunta tu, hujengwa kwa saketi ndogo iitwayo flipuflopu. Flipuflopu ina hali mbili pekee, 0 na 1, na hukaa katika hali iliyomo mpaka kitu kiilazimishe kuhama. Kwa kazi ya kuhesabu hutumika ile inayogeuka kila inapopata pigo la umeme: ikiwa 0 huwa 1, ikiwa 1 hurudi 0. Ili ipande na kushuka mara moja, lazima ipigwe mara mbili. Kwa hiyo mapigo 10 yakiingia, upande wa pili hutoka 5, na yakiingia 1,000 hutoka 500. Kuhesabu kote kwa mashine za kidijitali kumeota kutokana na ukweli huu mdogo, kwamba flipuflopu hugawa kwa mbili.

Njia nyepesi kuliko zote ya kuunda kihesabio ni kuzipanga flipuflopu kadhaa kwenye mstari, kila moja ikimpiga jirani yake. Mapigo ya kuhesabiwa huingia kwenye ya kwanza peke yake. Hiyo ikishuka kutoka 1 kwenda 0, mshuko wake ndio unaokuwa pigo la ya pili. Ya pili ikishuka huipiga ya tatu, na kadhalika hadi mwisho wa mstari. Hivi ndivyo hasa mtoto anavyofundishwa kujumlisha: safu ya mamoja ikijaa, andika sifuri na ubebe moja kwenye safu inayofuata. Tofauti ni kwamba katika mfumo wa binari safu hujaa mapema, kwa sababu tarakimu ni 0 na 1 tu. Flipuflopu nne zinatosha kuhesabu kuanzia 0 hadi 15. Ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4 na ya nne 8. Zikipewa majina Q0, Q1, Q2 na Q3, namba 7 husomeka 0111, kwa kuanzia Q3 upande wa kushoto, na namba 8 husomeka 1000.

Kihesabio cha namna hii huitwa kihesabio cha viwimbi, kwa kuwa badiliko hupita ndani yake kama kiwimbi kinavyopita juu ya maji, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kina umri mrefu. Waingereza William Eccles na Frank Jordan waliombea hataza saketi yao yenye hali mbili mwaka 1918, wakitumia vali za kioo, miongo mitatu kabla ya transista kuzaliwa. Mwaka 1932 mwanafizikia wa Wales, Charles Eryl Wynn-Williams, akiwa katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, alichapisha maelezo ya kihesabio kilichogawa kwa mbili hatua baada ya hatua. Shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa ya kawaida kabisa: chembe za alfa zilikuwa zikifika kwa kasi, na kihesabio cha meno na magurudumu kilichokuwapo kilikuwa kizito mno kuzifuata zote. Hatua zake za kugawa kwa mbili zilipunguza mapigo mpaka yakawa machache kiasi cha gurudumu kuweza kuyahesabu bila kuruka hata moja. Kazi hiyo aliyoifanya ndiyo ambayo kihesabio cha viwimbi huifanya vizuri kuliko zote hadi leo, na jambo hilo litarudi mwishoni.

Kasoro yake haimo kwenye mpango wa mstari. Imo kwenye muda. Hakuna flipuflopu inayogeuka papo hapo. Ndani yake mna transista zinazopaswa kuwaka na kuzimika, na waya ndogo zinazopaswa kujazwa chaji ya umeme au kumwaga ile zilizonayo, na yote hayo huchukua muda. Muda huo kati ya pigo kufika na jibu kutoka ndio uchelewaji wa kupitisha, na hupimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde moja mwanga wenyewe husafiri sentimita 30 tu. Kwa hesabu zinazofuata, kila flipuflopu ichukuliwe kuwa huchelewa nanosekunde 10, kiasi kinacholingana na chipu nyingi za kawaida.

Nanosekunde 10 ni kidogo sana ikiwa ni za flipuflopu moja. Lakini kwenye mstari wa viwimbi kila mmoja humngoja mwenzake. Mafundi wa ujenzi wakipokezana karai la zege kutoka chini hadi ghorofa ya tatu, wa juu hawezi kulishika kabla wa chini hajaliachia, hata akiwa hodari namna gani. Uchelewaji wa kila mkono hujumlishwa na wa mkono uliotangulia. Flipuflopu ya nne katika mstari haijui kwamba pigo limeingia mpaka ya tatu ishuke, nayo ya tatu haijui mpaka ya pili ishuke.

Hali ngumu zaidi ni pale namba inapobeba kupitia safu zote kwa mkupuo, na mfano mzuri ni kutoka 7 kwenda 8. Kihesabio kinaonyesha 0111. Pigo linaingia. Baada ya nanosekunde 10, Q0 inashuka, na sasa pini za kihesabio zinasoma 0110, yaani 6. Kushuka kwa Q0 kumeipiga Q1, nayo inashuka nanosekunde 10 baadaye. Zinasoma 0100, yaani 4. Q1 imeipiga Q2, inashuka, 0000, sifuri. Hatimaye, nanosekunde 40 tangu pigo liingie, Q3 inapanda na namba inakuwa 1000, yaani 8. Mtu aliyetarajia kuona 7 ikifuatwa na 8 angeona, kama jicho lingeweza, 7, 6, 4, 0, 8. Kihesabio cha kupanda kimerudi nyuma mara tatu, kikafika sifuri kabisa, ndipo kikaruka hadi kwenye jibu.

Hapa panahitaji uangalifu, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopotoka. Kihesabio hakijakosea hesabu. Hakuna pigo lililopotea wala kuhesabiwa mara mbili, na jibu la mwisho ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba kwa muda wa nanosekunde 30, kati ya ya 10 na ya 40, pini zake zilionyesha namba ambazo si za kweli. Kihesabio cha viwimbi huhesabu vema, lakini wakati wa kubeba hakiaminiki kusomwa.

Ikiwa msomaji ni mwanadamu anayetazama taa ndogo za ledi, hatajua kamwe. Jicho halitambui mwako wa nanosekunde 10. Saketi nyingine inayosoma pini hizo ndiyo inayodanganyika. Tuseme pini nne za kihesabio zimeunganishwa na lango la mantiki ambalo kazi yake ni kutoa ishara kila namba inapokuwa 0000, na ishara hiyo hufungua kihesabio kingine kinachoandika ni mizunguko mingapi imekamilika. Mzunguko mmoja una mapigo 16, hivyo ishara moja ilitarajiwa kwa kila mapigo 16. Lakini kihesabio kinapotoka 1 kwenda 2, 3 kwenda 4, na 7 kwenda 8, kila mara hupita kwenye sifuri ya uongo kwa nanosekunde 10. Kama lango ni la kasi, litaiona kila sifuri hiyo na kutoa ishara fupi. Kihesabio cha mizunguko kitapokea ishara nne badala ya moja, na jumla yake itakuwa mara nne ya ukweli.

Ugonjwa huu una dalili za kusumbua. Mara nyingi hauonekani siku ya majaribio na huja baadaye. Kama lango lililotumika ni zito kidogo, ishara fupi humezwa kabla haijatoka, na saketi hufanya kazi bila lawama. Siku chipu hiyo ikibadilishwa na nyingine ya kasi zaidi, jumla huanza kuharibika. Fundi hukagua waya, hukagua umeme, hubadilisha chipu tena, na kila kitu kinaonekana kizima. Njia ya kuukamata ni osiloskopu yenye kasi ya kutosha: mlango mmoja uwekwe kwenye mapigo yanayoingia na wa pili kwenye pini inayotoa ishara. Ugonjwa ukiwapo, mwiba mwembamba utaonekana mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Kisha mlango wa pili ukihamishwa kutoka Q0 kwenda Q1, Q2 na Q3 zamu kwa zamu, kila pini itaonekana ikigeuka mbali kidogo zaidi na pigo lililoianzisha, kama ngazi inayolala upande. Kifaa cha kurekodi hali za pini, ikiwa huchukua sampuli kila baada ya nanosekunde 100, kinaweza kuuruka mwiba huo na kumhakikishia fundi kwamba hakuna tatizo.

Ukomo wa kasi unafuata moja kwa moja kutokana na hesabu hiyo ya 7 hadi 8. Ikiwa namba inapaswa kusomwa baada ya kila pigo, pigo linalofuata lisiingie kabla kiwimbi cha pigo lililotangulia hakijafika mwisho wa mstari. Kwa flipuflopu nne za nanosekunde 10, huo ni muda wa nanosekunde 40 kati ya pigo na pigo, sawa na mapigo milioni 25 kwa sekunde, au megahezi 25. Kwa flipuflopu 12 muda huo unakuwa nanosekunde 120, na kasi inashuka hadi megahezi 8.3. Kwa 16 ni nanosekunde 160, na kasi ni megahezi 6.25. Hapo bado hakijatengwa kipande cha muda cha msomaji kuichukua namba. Flipuflopu zenyewe hazijawa nzito hata kidogo. Kilichokua ni urefu wa mstari tu. Kila tarakimu inayoongezwa ili kihesabio kiweze kufika mbali zaidi hukipunguzia kasi ya kusomeka.

Chipu halisi zinathibitisha jambo hili. 74LS93, chipu ya zamani iliyotumika sana, ina flipuflopu nne za viwimbi ndani yake. Kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, safari ya pigo kutoka mlango wa kuingilia hadi pini ya nne huchukua kwa kawaida nanosekunde 46, na huweza kufika 70. Pini ya kwanza ya chipu hiyohiyo hubadilika kwa kawaida katika nanosekunde zisizozidi 12. Anayesoma karatasi hiyo na kutazama kasi ya juu ya mapigo peke yake, bila kutazama safu ya uchelewaji, atadhani amenunua kitu cha kasi kuliko kilivyo.

Je, ikawaje mapigo yakizidi kasi hiyo? Inafaa kufuata kisa kimoja hadi mwisho, maana matokeo yake ni ya ajabu. Kihesabio kina flipuflopu 12, kila moja ya nanosekunde 10, na mapigo yanaingia kila baada ya nanosekunde 50, yaani megahezi 20. Namba iliyopo ni 2047, ambayo katika binari ni tarakimu 11 za chini zote zikiwa 1 na ya juu kabisa ikiwa 0. Pigo linaloingia sasa linapaswa kuifanya 2048, na kubeba kwake kunapita safu zote 12, safari ya nanosekunde 120.

Kufikia nanosekunde ya 50, tarakimu tano za chini zimeshashuka na namba inayosomeka ni 2016. Hapo hapo pigo la pili linaingia, wakati kiwimbi cha kwanza hakijafika hata nusu ya njia. Nanosekunde ya 60, Q0 inapanda kwa ajili ya pigo la pili huku Q5 ikishuka kwa ajili ya la kwanza, na namba inasomeka 1985. Viwimbi viwili sasa vimo ndani ya mstari mmoja, kimoja mbele, kingine nyuma. Nanosekunde ya 100 pigo la tatu linaingia, na namba inayosomeka ni 1025. Nanosekunde ya 110, Q10 inashuka kwa ajili ya pigo la kwanza na Q0 inashuka kwa ajili ya la tatu; tarakimu zote 12 zinakuwa 0, na kihesabio kinaonyesha sifuri. Nanosekunde ya 120, Q11 inapanda na Q1 inapanda pamoja nayo, na namba inakuwa 2050.

Hiyo 2050 ni sahihi kabisa. Mapigo matatu yameingia baada ya 2047, na 2047 ukiongeza 3 ni 2050. Lakini 2048 na 2049 hazikuwahi kuonekana hata kwa kitambo kidogo. Saketi iliyowekwa kungojea 2048 ili ifunge bomba au izime mota ingengoja bure, kwa kuwa namba hiyo ilipita bila kuwahi kuandikwa kwenye pini. Kabla ya ukomo wa kasi, tatizo ni namba za uongo katikati ya zile za kweli. Baada ya ukomo, baadhi ya namba za kweli hutoweka.

Kisa hicho kinaonyesha pia kwamba ukomo huo si wa kila kazi. Flipuflopu ya kwanza iliendelea kupokea mapigo ya megahezi 20 bila shida, na ingeweza kupokea hata zaidi. Ya pili hupata nusu ya mapigo, ya tatu robo, na hakuna iliyolemewa. Palipo na njia ya kuyasimamisha mapigo kabla ya kusoma, kihesabio cha viwimbi hufanya kazi kwa kasi yote ya flipuflopu yake ya kwanza. Mita za kupimia masafa hutumia mbinu hiyo. Lango hufunguliwa kwa sekunde moja kamili, mapigo yanaingia, kisha lango linafungwa. Kuhesabu mawimbi ya megahezi 20 kwa sekunde moja kunahitaji flipuflopu 25, na kwa nanosekunde 10 kila moja, kiwimbi cha mwisho humaliza safari yake katika nanosekunde 250. Mita ikisubiri mikrosekunde moja tu baada ya lango kufungwa, ndipo ikainasa namba, inasoma namba iliyotulia tuli. Hakuna mtumiaji atakayeijutia mikrosekunde hiyo.

Pale ambapo mapigo hayasimami, na namba lazima iwe tayari baada ya kila pigo, mstari wa kupokezana huachwa na kuundwa kihesabio sawia. Ndani yake flipuflopu zote hupokea mapigo yaleyale, kutoka waya mmoja, kwa wakati mmoja. Kila pigo linawafikia wote. Swali linalobaki ni nani ageuke na nani abaki alivyo, na jibu lake limo kwenye kanuni ileile ya kubeba: tarakimu hugeuka ikiwa tarakimu zote zilizo chini yake ni 1. Q0 hugeuka kila pigo. Q1 hugeuka ikiwa Q0 ni 1. Q2 hugeuka ikiwa Q0 na Q1 zote ni 1. Q3 hugeuka ikiwa Q0, Q1 na Q2 zote ni 1. Malango ya mantiki huangalia masharti hayo na kuipa kila flipuflopu ruhusa au katazo kabla pigo halijafika.

Neno “kabla” ndilo linalobeba uzito wote. Kihesabio kinapokuwa kwenye 7, malango yameshaona kwamba Q0, Q1 na Q2 ni 1, na yameshaipa Q3 ruhusa. Pigo linapoingia, flipuflopu nne zinageuka pamoja, na baada ya nanosekunde 10 namba inatoka 7 kwenda 8 kwa hatua moja. Hakuna 6, hakuna 4, hakuna sifuri katikati. Kazi ya kubeba haikufutwa. Imehamishwa kutoka baada ya pigo, ambako ilionekana na kila anayesoma, ikapelekwa kwenye kipindi cha kungojea pigo linalofuata, ambako haimdhuru mtu.

Hesabu ya muda sasa ni nyingine. Kati ya pigo na pigo lazima pawe na nafasi ya mambo matatu: flipuflopu kugeuka, nanosekunde 10, lango kutazama hali mpya na kutoa ruhusa, tuseme nanosekunde 5, na ruhusa hiyo kutulia kwenye flipuflopu kabla ya pigo kufika, nanosekunde 5 nyingine. Jumla ni 20, sawa na megahezi 50. Kwenye hesabu hiyo idadi ya flipuflopu haimo. Chipu ya 74LS163, ya jamii moja na 74LS93, huonyesha jambo hili: pini zake zote nne hubadilika kwa muda uleule, kwa kawaida kati ya nanosekunde 13 na 18, na hakuna pini ya nne inayochelewa kuliko ya kwanza.

Hata hivyo uchelewaji unaojumlishwa haufi kirahisi hivyo. Lango la flipuflopu ya 12 linapaswa kutazama pini 11, na lango lenye milango mingi ya kuingilia ni zito na kubwa. Fundi anayetaka kubana matumizi huunganisha malango madogo yenye milango miwili kwa mfululizo: la kwanza linatazama Q0 na Q1, la pili linachukua jibu la la kwanza na kuongeza Q2, na kuendelea. Kwa tarakimu 12 yanahitajika malango 10. Kila moja likila nanosekunde 5, mnyororo wa malango unakula 50. Ukiongeza 10 za flipuflopu na 5 za kutulia zinakuwa 65, na kasi inashuka hadi megahezi 15 hivi. Kiwimbi kimerudi, safari hii kimejificha kwenye malango. Bado hali ni nafuu mara mbili, kwa kuwa lango ni jepesi kuliko flipuflopu, na kwa kuwa namba kwenye pini hubaki ya kweli muda wote kiwimbi kinapopita. Lakini anayedhani kwamba kuunganisha waya mmoja wa mapigo kwa flipuflopu zote kumeondoa ukomo, amefumbia macho nusu ya saketi.

Waliobuni 74163 waliliona tatizo hilo, na suluhisho lao linastahili kuelezwa. Chipu moja ina tarakimu nne, hivyo kwa tarakimu 16 zinahitajika nne. Kila chipu ina pini mbili za ruhusa, ENP na ENT, na huhesabu pale tu zote mbili zinapokuwa 1. Ina pia pini ya kutoa taarifa, RCO, inayopanda chipu ikifika 15, yaani imejaa. RCO huitegemea ENT lakini haiitegemei ENP. Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri. RCO ya chipu ya kwanza hupelekwa kwenye ENP za chipu zote tatu zilizobaki kwa mpigo mmoja. ENT ya chipu ya pili hufungwa kwenye 1 daima, RCO yake huenda kwenye ENT ya chipu ya tatu, na RCO ya tatu huenda kwenye ENT ya nne.

Mnyororo upo, kutoka ya pili hadi ya nne. Lakini chipu za juu hubadilika pale tu ya kwanza inapotoka 15 kwenda 0, yaani mara moja kwa kila mapigo 16. Zikishabadilika, ya kwanza inapaswa kuhesabu mapigo 15 ndipo ijae tena. Katika muda huo wote taarifa husafiri taratibu kwenye mnyororo wa juu, ikafika na kutulia mapema. Chipu ya kwanza inapojaa, kinachobaki kupita kwa haraka ni waya mmoja tu, wa RCO hadi ENP. Uchelewaji wa mnyororo haujapunguzwa hata nanosekunde moja. Umepewa tu nafasi ya vipindi 15 badala ya kimoja.

Lipo kosa linaloharibu kazi hii yote, nalo ni kuichukua RCO na kuitumia kama pigo la chipu inayofuata. Kwa macho inaonekana ni jambo la busara: chipu imejaa, basi ipige ya pili. Lakini RCO hutoka kwenye lango linalotazama tarakimu nne, na ingawa flipuflopu nne hugeuka pamoja, hazigeuki kwa usawa wa nywele. Moja inaweza kutangulia nyingine kwa nanosekunde moja au mbili. Katika mpishano huo RCO inaweza kutoa mwiba mfupi. Ikitumika kama ruhusa, mwiba hauna madhara, maana ruhusa husomwa pale tu pigo linapoingia. Ikitumika kama pigo, mwiba huhesabiwa. Zaidi ya hilo, chipu zilizoungwa hivyo si sawia tena. Ni kihesabio cha viwimbi ambacho kila kiungo chake ni kirefu zaidi.

Kinachobaki ni gharama. Kihesabio sawia kinataka malango ya ziada, na mapigo yake humfikia kila mmoja wakati wote, hata asiye na kazi. Katika vifaa vingi gharama hiyo ni ndogo na hulipwa bila kufikiriwa. Katika saa ya mkononi ni jambo jingine. Ndani ya saa ya kwatzi mna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo ilichaguliwa kwa sababu ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 15. Flipuflopu 15 zikipangwa kwenye mstari hugawa mtetemo huo kwa mbili mara 15, na mwisho wa mstari linatoka pigo moja kila sekunde, la kusukuma mshale.

Hakuna anayesoma tarakimu za katikati. Kiwimbi kinaweza kuchelewa kadiri kinavyotaka, mradi kichelewe kwa kiasi kilekile kila sekunde: hata kila flipuflopu ingekula mikrosekunde nzima, pigo lingetoka mikrosekunde 15 baada ya wakati wake, na linalofuata vivyo hivyo, na nafasi kati yao ingebaki sekunde moja. Upande wa betri, flipuflopu ya kwanza hupigwa mara 32,768 kwa sekunde, ya pili 16,384, ya tatu 8,192, hadi ya mwisho ambayo hupigwa mara 2. Jumla ni mapigo 65,534. Flipuflopu hizohizo 15 zikipangwa kwa njia ya sawia, zote zingepokea mapigo 32,768, na jumla ingekuwa 491,520 kwa kila sekunde, mara saba na nusu zaidi, kutoka betri isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati.